Slaidi za somo ziko mtandaoni, mwanafunzi hazioni: tatizo ni kichwa

Walimu wengi wa vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo siku hizi wanafundisha kwa slaidi, na wachache kati yao huziweka slaidi hizo kwenye SlideShare ili wanafunzi wazisome hata nje ya oditwari. Hilo ni jambo jema. Lakini ukimuuliza mwanafunzi wa Goma, Bukavu ao Bunia alisomea wapi interogasyo ya juzi, mara nyingi atakuonyesha slaidi za mwalimu wa Moroko, wa Aljeria ao wa Ufaransa. Zile za mwalimu wake mwenyewe, ambazo zinazungumzia udongo wa kwetu, magonjwa ya kwetu na sheria ya kwetu, hakuzipata. Ziko kwenye mtandao uleule, ila zimeandikwa juu yake "Chap 4 VF".

Maoni yangu ni haya: mwalimu anayeweka slaidi zake mtandaoni anazipa jina kama vile anaandika kwenye droo la meza yake. Yeye anajua "Chap 4" ni sura ya nne ya kozi gani, na anajua "VF" maana yake ni toleo la mwisho. Mwanafunzi hajui hata moja. Yeye anaandika kwenye Google maneno ya swali alilo nalo kichwani. Kati ya droo la mwalimu na swali la mwanafunzi hakuna daraja lingine zaidi ya kichwa cha slaidi na yale maelezo mafupi yanayokaa chini yake.

Tuangalie kwanza namna mtambo wenyewe unavyofanya kazi. SlideShare ilianza mwaka 2006, ikanunuliwa na LinkedIn mwaka 2012, na tangu 2020 iko mikononi mwa Scribd. Wenyewe wamebadilika, lakini kazi ya mtu anayeweka slaidi ni ileile. Anapandisha faili, kisha anajaza visanduku vichache: kichwa, maelezo, kundi, na maneno ya alama. Kichwa ndicho kinachobeba mzigo mkubwa. Maneno yake yanaandikwa juu ya ukurasa, yanaonekana kama mstari wa kubonyeza kwenye matokeo ya Google, na yanaingia hata ndani ya anwani ya ukurasa. Mwalimu akiacha kisanduku hicho kama kilivyo, jina la faili lake ndilo linalogeuka kuwa kichwa. Hapo ndipo tunapata vitu kama `Chap4_gaz_VF_corrige2`, ao kile kibaya kuliko vyote, `Présentation1`.

Kuna sababu moja ya hapa kwetu inayofanya kichwa kiwe na uzito kuliko Ulaya. Mwanafunzi wetu analipa mega. Orodha ya matokeo ya Google ni maandishi matupu, haili kitu kikubwa. Ukurasa wa slaidi ni picha tupu, slaidi 40 ni picha 40, na zinakula. Kwa hiyo anachagua kabla ya kufungua, na anachagua kwa kusoma kichwa na mistari miwili iliyo chini yake tu. Akikosea mara mbili, forfe ya siku imekwisha na bado hajasoma chochote. Ndiyo maana hafungui kitu asichoelewa jina lake. Msimlaumu, hata mimi nisingefungua.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme mwalimu wa jiolojia huko Goma ana somo juu ya mazuku. Wakaaji wa upande ule wanajua mazuku ni nini: ni mahali ambapo gazi kaboniki inatoka chini ya ardhi na kukaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa magharibi ya Goma kuelekea Sake na kando ya Ziwa Kivu. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, haina rangi wala haina harufu, ndiyo maana inaua mbuzi, mbwa, na mara nyingine mtoto aliyeshuka shimoni bila kujua. Somo hili si la mtihani tu. Mwanafunzi anayelisoma anaweza kurudi kwao na kuwaambia wazazi wake wasijenge chumba cha kulala mahali pa chini namna ile.

Kozi yake inaitwa "Géologie des risques", na mazuku iko katika sura ya 4. Kwa kawaida ataandika hivi:

```
Géologie des risques, chapitre 4 : les gaz
```

Kwa macho ya kwanza kichwa hiki ni safi. Kina jina la kozi, kina namba ya sura, kina mada. Lakini kihesabu. Google kwa kawaida huonyesha herufi karibu 60 za kichwa, kisha inakata. Hapa herufi zaidi ya 30 za mwanzo zimeliwa na jina la kozi na namba ya sura, vitu ambavyo hakuna mwanafunzi wa chuo kingine anayevitafuta, kwa sababu kule kozi inaitwa vingine na sura ina namba nyingine. Kilichobaki ni "les gaz", na gazi ni nyingi duniani. Neno "mazuku" lenyewe halimo. "Goma" halimo.

Sasa tujiulize mwanafunzi angeandika nini. Njia nzuri ya kujua si kufikiri peke yako ofisini. Mwisho wa somo, kabla wanafunzi hawajatoka, mwalimu agawe vipande vya karatasi na kuwaambia: andikeni maneno ambayo mngeandika kwenye simu ili kupata somo la leo. Dakika tatu zinatosha. Akusanye, asome. Ataona wengi hawaandiki jina la kozi. Wataandika "mazuku Goma", "gaz mazuku", "gaz carbonique Goma", "mazuku c'est quoi". Wachache, wale waliosoma kitabu, wataandika "dioxyde de carbone". Hayo ndiyo maneno ya kichwa, na yametoka kwa wenye njaa.

Kutoka hapo kichwa kinajengwa hivi:

```
Mazuku et gaz carbonique (CO2) à Goma : origine et dangers – Géologie, 2e année LMD
```

Neno linalotafutwa zaidi limekaa mwanzo. Mahali pametajwa, kwa maana neno "gaz carbonique" likiwa peke yake linampeleka mwanafunzi kwenye mambo ya tabianchi, ya majani na ya vinywaji vyenye mapovu. Mpaka kwenye neno "dangers" ni herufi 58, kwa hiyo hata Google ikikata, kilichokatwa ni jina la fani na mwaka, vitu ambavyo mtu anaweza kuvisoma baada ya kufungua. Fomula CO2 iandikwe kwa 2 ya kawaida, ile ya kibao cha simu, kwa sababu hivyo ndivyo mwanafunzi anavyoiandika.

Kuna mtu ataniuliza: mbona kichwa cha Kifaransa katika makala ya Kiswahili? Kwa sababu chuo kikuu kwetu kinafundisha kwa Kifaransa, mtihani unaandikwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anatafuta kwa lugha ya mtihani. Kuweka kichwa cha Kiswahili juu ya slaidi za Kifaransa ni kumdanganya aliyetafuta Kiswahili na kumficha aliyetafuta Kifaransa. Lakini mazuku ni neno letu, na watafiti wa dunia nzima walilichukua hivyohivyo, wanaliandika "mazuku" katika makala zao za Kiingereza na za Kifaransa. Mahali ambapo neno la Kiswahili ndilo neno la kazi, mwalimu asilione haya na kuliacha nyuma ya "émanations gazeuses diffuses". Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetafuta "émanations gazeuses diffuses".

Angalieni pia kwamba sikuandika "L2". Hapa kwetu alama hiyo imekuwa mtego. Katika mfumo wa zamani tulikuwa na G1, G2, G3, kisha L1 na L2. L2 ilikuwa mwaka wa tano, mtu anayemaliza. Katika mfumo wa LMD, L2 ni mwaka wa pili tu, kijana aliyetoka sekondari juzi. Slaidi za zamani zenye "L2" bado ziko mtandaoni pamoja na zile mpya, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anafungua somo la mtu wa mwaka wa tano, haelewi kitu, anafikiri yeye ndiye mjinga. Kwa hiyo andikeni "2e année LMD" ao "Licence 2 (LMD)". Wenye slaidi za mfumo wa zamani waongeze "ancien système" kwenye maelezo. Inachukua nusu dakika.

Vilevile vifupisho vya vyuo. UOB kwetu ni Université Officielle de Bukavu, lakini dunia inajua UOB kama benki ya Singapuri na kama chuo kikuu cha Bahreni. UCB kwetu ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, lakini andika UCB peke yake uone kama hutapelekwa Berkeley, Marekani. Kifupisho kinaeleweka na mtu aliye ndani ya uwanja wa chuo tu. Jina la chuo liandikwe lote, na mahali pake ni kwenye maelezo, si kwenye kichwa. Kodi ya kozi, kama ipo, nayo iende kwenye maelezo.

Tukifika kwenye maelezo, hapa ndipo uvivu unaonekana wazi. Walimu wengi wanakiacha kisanduku hiki kitupu, wengine wanaandika "Bonne lecture". Mtu aliyefanya kazi ya kuchora slaidi 42, kupiga picha, kutafuta takwimu, anakosa nguvu ya kuandika mistari mitano. Mimi ningependa maelezo ya mfano wetu yawe hivi:

```
Cours sur les mazuku, poches de gaz carbonique (dioxyde de
carbone, CO2) au ras du sol entre Goma et Sake, Nord-Kivu :
d'où vient le gaz, pourquoi il reste dans les creux, comment
on le mesure, comment éviter l'asphyxie. 42 diapositives,
chapitre 4 du cours de Géologie des risques, 2e année LMD,
2023-2024. À lire après le chapitre 2 (volcans des Virunga).
Ne traite pas du méthane du lac Kivu : voir chapitre 5.
Somo juu ya mazuku: hewa isiyo na harufu inayoua mabondeni.
```

Sentensi ya kwanza ndiyo muhimu, kwa sababu Google mara nyingi inaonyesha herufi kama 150 hivi za maelezo, na mara nyingine inachagua yenyewe kipande kingine cha ukurasa. Kwa hiyo sentensi hiyo ianze na kitu chenyewe, isianze na "Dans le cadre de notre enseignement à l'intention des étudiants de...". Mwanzo kama huo unakula nafasi yote na mwanafunzi bado hajajua somo ni la nini. Ndani yake tumeweka "dioxyde de carbone", lile neno la kitabu ambalo halikupata nafasi kwenye kichwa. Hivyo wote wawili wanafika, aliyeandika "gaz carbonique" na aliyeandika "dioxyde de carbone".

Idadi ya slaidi inamsaidia mwenye mega chache kupima kama atafungua sasa ao atangoja mpaka afike mahali penye Wi-Fi. Mwaka wa masomo nimeuweka kwenye maelezo kwa makusudi. Ukiuweka kwenye kichwa, mwaka ujao somo linaonekana kama limeoza, ingawa gazi inatoka ardhini vilevile. Lakini lazima uwepo mahali fulani, maana kwa mambo ya Goma mwaka una maana: ramani iliyochorwa kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 na ile iliyochorwa baadaye si kitu kimoja, na msomaji ana haki ya kujua anaangalia ipi.

Ule mstari unaosema somo halizungumzii nini, "Ne traite pas du méthane", ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio sijauona karibu popote. Wanafunzi wanachanganya gazi ya mazuku na metani ya Ziwa Kivu. Anayetafuta metani akifungua slaidi za mazuku atapita slaidi 42 akitafuta kitu ambacho hakimo. Mstari mmoja unamwokoa na kumwelekeza sura ya 5. Mwalimu anaogopa kwamba akisema hivyo atapoteza msomaji. Ni kweli atapoteza mmoja kwenye hesabu ya ukurasa, lakini yule hakuwa msomaji wake.

Na mstari wa mwisho wa Kiswahili? Ni kwa ajili ya mtu asiye mwanafunzi: kiongozi wa nyumba kumi, mwalimu wa shule ya msingi, mzazi. Sura nyingi hazina haja nao. Somo la algebra halihitaji mstari wa Kiswahili. Somo la mazuku, la kipindupindu, la ugonjwa wa migomba, linauhitaji, kwa sababu wanaotafuta habari hizo hawakusoma wote kwa Kifaransa.

Kuhusu maneno ya alama sina mengi ya kusema. Matano ao sita yanatosha: mazuku, Goma, CO2, gaz carbonique, géologie, Nord-Kivu. Wanaojaza maneno 20, pamoja na "éducation", "université", "Afrique", hawapati faida yoyote ninayoijua.

Kuna shida nyingine ambayo watu hawaioni kwa macho. SlideShare inasoma maandishi yaliyomo ndani ya slaidi na kuyaweka kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida, na Google inaweza kuyasoma pia. Kwa hiyo slaidi zilizoandikwa vizuri zinajisaidia zenyewe: hata neno ambalo halimo kwenye kichwa linaweza kumleta mwanafunzi. Lakini walimu wengi kwetu wanapiga picha silabusi ya zamani, ao wanapitisha karatasi kwenye skana, na kuunganisha picha hizo kuwa PDF. Kwa macho ya mtu ni maandishi. Kwa mtambo inaweza kuwa picha tupu, haina neno hata moja. Kujua ni rahisi: fungua PDF, weka kidole juu ya neno moja na ushikilie. Kama neno linapakwa rangi peke yake, ni maandishi. Kama hakuna kinachotokea, ao ukurasa mzima unashikwa kama kitu kimoja, ni picha. Aliye na picha tupu ajue kwamba kichwa na maelezo ndivyo vitu pekee atakavyovitegemea, kwa hiyo maelezo yake yawe marefu zaidi, na ataje ndani yake vichwa vidogo vyote vya somo.

Wengine wana kozi ya sura saba na wanapandisha faili saba zenye kichwa kimoja: "Cours de géologie des risques", mara saba. Nimeona hata kwa watu wenye cheo kikubwa. Mwanafunzi anaona mistari saba inayofanana kama mapacha, anafungua wa kwanza, si wenyewe, anafunga. Kila sura iwe na kichwa chake kinachoanza na mada yake, na jina la kozi likae mwisho, lileile kwa zote saba, bila kubadilisha hata koma. Hivyo aliyepata sura ya 4 kwa njia ya mazuku anaweza kunakili jina la kozi na kuzipata sita zilizobaki. Na kama mwalimu ana nguvu, aweke anwani za sura nyingine kwenye slaidi ya mwisho.

Sasa, mtu atajuaje kama kazi hii imezaa kitu? Angoje wiki mbili ao tatu, maana Google haiji siku ileile. Kisha aandike kwenye Google hivi:

```
site:slideshare.net mazuku goma
```

Amri hii inatafuta ndani ya SlideShare tu. Slaidi zake zikionekana, vizuri. Zisipoonekana, aandike kichwa chake chote kati ya alama za kunukuu. Kama hata hapo hakuna kitu, basi huenda Google bado haijaufikia ukurasa, aendelee kungoja. Lakini kama zinaonekana kwa kichwa chote na hazionekani kwa maneno ya wanafunzi, jibu liko wazi: kichwa ndicho kibaya. Habari njema ni kwamba kichwa na maelezo vinaweza kubadilishwa bila kupandisha faili tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta na kupoteza wasomaji waliokwisha kuweka anwani ya zamani kwenye kundi la WhatsApp la promosyo. Tena afanye jaribio hilo kwa simu ya mtu mwingine ao bila kuingia kwenye akaunti yake, kwa sababu Google inakumbuka kurasa alizozifungua na inaweza kumpendeza bure.

Najua pingamizi mbili zitakuja. Ya kwanza inasemwa kwa sauti: profesa si muuza sabuni, kichwa cha somo la chuo kikuu hakiandikwi kwa kuvuta watu. Nakubali nusu. Nimeona vichwa vya namna ya "Cours complet PDF gratuit examen corrigé 100 %", na ndani yake hakuna mtihani wala sahihisho. Huo ni uongo, na mwanafunzi aliyepoteza mega zake hatarudi kwa mwalimu yule. Lakini kuandika "mazuku" juu ya somo la mazuku si biashara. Mtunza maktaba akiandika mada kwenye kadi ya kitabu hakuna anayemwita muuzaji.

Pingamizi ya pili haisemwi kwa sauti: silabusi. Kwa asistanti mwenye mshahara unaochelewa, nakala za silabusi zinazouzwa promosyoni ni chakula cha nyumbani, na anaogopa kwamba slaidi zikipatikana kirahisi hakuna atakayenunua. Sitacheka woga huo. Lakini tuseme ukweli: slaidi 42 zenye mistari mitano mitano si silabusi ya kurasa 120. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anahitaji maelezo yaliyo kati ya mistari, na hayo yako kwenye silabusi na kinywani mwa mwalimu. Anayeogopa sana aangalie kama mtambo unamruhusu kuzuia upakuaji. Ukimruhusu, slaidi zitasomwa kwenye ukurasa bila kubebwa. Na kama mtu ameamua kwamba hataki slaidi zake zionekane, basi asizipandishe. Kilicho kigumu kuelewa ni yule anayezipandisha, anatangaza promosyoni kwamba "ziko mtandaoni, mkatafute", halafu anaziita `Présentation1`.

Kwa mwenye slaidi nyingi za zamani, asianze na zote. Achukue zile za kozi anayofundisha muhula huu, kwa sababu wanafunzi wa kugawiwa vipande vya karatasi wako mbele yake sasa. Abadilishe kichwa na maelezo ya sura moja kila juma, siku ileile anayoifundisha. Kozi ya sura saba itakuwa imekwisha kabla ya mitihani, na zile za miaka iliyopita zitangoja muhula wake.